Ombi ndani ya video ya kuchangisha: liwekwe wapi, lisemwe namna gani

Mvua ikiwa karibu kurudi Lubumbashi, kikundi cha wamama wa Katuba kilituletea skripti ya video. Paa la madarasa mawili ya shule ya watoto wao limeoza, nao wanatafuta malata 60. Video ilikuwa ya dakika 2 na nusu. Kwa zaidi ya dakika 2 ilieleza shida, kisha sauti ikasema: "Tunawaomba watu wote wenye mapenzi mema watuunge mkono kwa hali na mali." Namba ya simu ikaonekana kwa sekunde 3, muziki ukapanda, ikaisha.

Kituoni kwetu tunasoma skripti nyingi za vikundi vidogo, na hii ilikuwa na kasoro tunayoikuta kila mara: ombi limegeuzwa kuwa mkia. Mtu anayetazama kwa simu, akihesabu mega zake, mara nyingi hafiki mwisho. Anaondoka amehuzunika, ila hakuna aliyemwambia afanye nini.

Dawa yake si kuanza kuomba tangu mwanzo. Ukiomba katika sekunde ya 10, mtu hajajua bado feza yake itafanya kazi gani, na video inakuwa kama mkono ulionyooshwa barabarani. Ombi linakaa vizuri pale mtazamaji alipokwisha kuona mambo mawili: shida, na kitu kinachoiondoa. Wamama walikuwa na picha ya mtoto anayesogeza benchi lake ili lisilowe. Hiyo ni shida. Walikuwa pia na picha ya fundi akipigilia lata jipya kwenye pembe moja ya paa, lakini waliiweka karibu na mwisho. Tuliivuta ikaja mbele, mara baada ya mtoto. Hapo, kwenye sekunde ya 40 hivi, ombi la kwanza likapata mahali pake: sentensi moja tu, wakati lata lingali machoni.

Jambo tulilobishana sana ni takwimu. Mama mmoja alitaka, kabla ya ombi, waweke hesabu ya shule zote mbovu za jimbo. Tulimwambia aitoe hapo. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili: watu walioonyeshwa mtoto mmoja walitoa zaidi kuliko walioonyeshwa takwimu za mamilioni, na mtoto yule alipowekwa pamoja na takwimu, michango ilipungua. Majaribio hayo yalifanyika Marekani, si Katuba. Lakini hata bila utafiti unaweza kujiuliza: ukisikia kwamba shule mamia zinavuja, lata lako moja litaziba nini? Hesabu kubwa iende kwenye barua ya kuombea ufadhili, ambako msomaji wake anaitafuta.

Sasa maneno yenyewe. "Kwa hali na mali" ni msemo mzuri kanisani au kwenye harusi, ambako sahani inapita na kila mtu anajua la kufanya. Katika video hausemi kitu. Tukauvunja kwa maswali manne: nani atoe, atoe nini, kupitia wapi, mpaka lini?

Kwa "nani", tukaacha "watu wote" na kusema na mtu mmoja. Hapa Kiswahili kina adabu yake. "Tuma dola!" ikitoka kinywani mwa mtoto au kijana ni amri, na papa wa makamo ataifunga simu. Basi anayeomba ni mama wa shule mwenyewe, na kitenzi chake ni cha upole: "Papa, mama unayenitazama, utununulie lata moja." Ni mtu mmoja anayesemeshwa, na lata moja linaloombwa.

Kwa "nini", bei lazima iwe ya kweli. Tuseme lata dukani ni dola 9. Wamama waliandika 9, na fundi ndiye aliyewauliza misumari italipwa na nani. Ukigawa misumari, mbao chache na usafiri kwa malata 60, kila lata linafika dola 12, na yote ni dola 720. Ukiomba 9 utapata malata yote na hakuna kitakachoyashika juu. Tena ukisema "lata moja", umeahidi lata; feza hiyo huwezi kununulia chaki kimya kimya. Ndiyo maana tuliongeza: "Zikizidi, tutapaka lipu ukutani."

Wasiokuwa na dola 12 wasifungiwe mlango. Mwaka 1976 Robert Cialdini na David Schroeder walionyesha kwamba waombaji wa mlango kwa mlango walioongeza maneno ya kusema hata senti moja itasaidia walipata watoaji wengi zaidi, wala kiasi cha kila mtoaji hakikushuka. Katika skripti ikawa: "Hata franga 1,000 inapandisha msumari." Ila isemwe baada ya lata. Ikitangulia, hiyo ndiyo itakayobaki kichwani.

Kuhusu "wapi", njia iwe moja. Wamama walitaka namba tatu za mitandao mitatu, akaunti ya benki, na "au fika shuleni". Mtu akiwekewa njia tano, anaahirisha. Tuliacha namba moja, na kwa ndugu walio Ubelgiji tukatengeneza mwisho mwingine wa sekunde 15 juu ya video ileile, maana njia zao za kutuma feza ni tofauti na za hapa. Namba ilikaa kwenye skrini muda wa kuisoma mara mbili bila haraka. Sauti nayo iliitaja kwa Kifaransa, mbili mbili, jinsi watu wa hapa wanavyopeana namba.

Halafu kuna jina. Anayetuma feza kwa simu huona jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha. Akisikia "shule" na kuona jina la mwanaume asiyemjua, anasimamisha. Kwa hiyo mtunza-sanduku anajitaja mwenyewe kwenye video, kwa jina lilelile litakalotokea.

Ombi la pili, lenye majibu yote manne, likaja kwenye dakika 1 na sekunde 30, na video nzima ikabaki dakika 1 na sekunde 45. Katikati ya maombi mawili hakuna lingine. Huko fundi anaeleza kazi itakavyokwenda na nani anashika daftari.

Video ikishasambaa, kosa utalisoma katika maswali ya watu. Wakiuliza "ni ngapi?", bei haikusikika. Wakiuliza "hii namba ni ya nani?", jina limekosekana. Watu wengi wakiandika "poleni sana" bila kuuliza chochote, ombi lenyewe halikuonekana, au limechelewa.

Tarehe ya mwisho ni ya kuandikwa na kutamkwa pia, pamoja na namba. Video haifi malata yakitimia: itatumwa tena mwezi wa kwanza, katika kikundi usichokijua. Kuna wanaobandika namba yao juu ya namba yako. Maandishi yanafunikwa kirahisi. Kufunika sauti ya mama akitaja namba, jina lake na siku ya mwisho ni kazi zaidi, na anayesikiliza ataona kwamba mdomo na skrini havikubaliani.