Mtihani wa huduma ya kwanza: dhana potofu za wanaotunga maswali na kutoa alama

Cheti cha huduma ya kwanza humwambia mwajiri au mkuu wa shule kwamba mtu huyu, damu ikimwagika mbele yake, atafanya jambo fulani kwa mikono yake. Mitihani mingi hutahini jambo jingine, yaani kumbukumbu ya maneno ya kitabu, na chanzo chake ni dhana kadhaa ambazo watungaji hurithishana pamoja na karatasi za mitihani ya zamani.

Dhana: swali gumu ndilo swali zuri.

Mtungaji anayetaka swali gumu huandika, "Yapi kati ya haya hayafai kufanyiwa jeraha la moto isipokuwa…", na mtahiniwa hujikuta akifumbua kitendawili cha sarufi badala ya kufikiria mgonjwa. Mwingine huorodhesha dakika 10, 15 na 20 kama majibu ya swali la muda wa kupoza ngozi. Mwongozo wa Baraza la Ufufuo la Ulaya wa mwaka 2021 unataja dakika 20, ilhali vitabu vingine vinavyotumika madarasani bado vina dakika 10. Swali la namna hiyo hupima ni kitabu kipi mtu alifundishiwa.

Ugumu unaofaa hutoka katika tukio lenyewe. Tazama swali hili: mtoto wa miaka 3 amemwagikiwa na chai ya moto mkononi dakika 10 zilizopita, ngozi imekuwa nyekundu na ina malengelenge, mama yake amekwisha kumpaka dawa ya meno, na bomba la maji safi liko karibu. Utafanya nini kwanza? Majibu ya kuchagua ni manne: kuifuta dawa kwa kitambaa kikavu na kufunga bandeji, kuuweka mkono chini ya maji yanayotiririka na kuendelea kuupoza, kuweka vipande vya barafu juu ya malengelenge, au kumkimbiza hospitali bila kumgusa.

Kila jibu lisilo sahihi hapo ni kosa ambalo watu hulifanya kweli, na hiyo ndiyo sifa ya jibu la kupoteza. Jibu la nne ndilo linalovuta wengi, kwa sababu mtoto huyu anastahili kweli kufikishwa kwa daktari. Neno "kwanza" ndilo linalolitenganisha na jibu sahihi, kwa hiyo lisiachwe nje ya swali. Dakika 10 zimewekwa makusudi vilevile, kwa kuwa wengi hudhani kwamba muda wa kupoza umekwisha kupita, wakati maji bado yana faida hata saa kadhaa baada ya kuungua. Mtungaji achunguze pia urefu wa majibu yake, maana jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine yote, mtahiniwa mwerevu atalichagua bila kulielewa.

Dhana: mtahiniwa akieleza hatua kwa mpangilio, amefaulu vitendo.

Kueleza ni kazi ya karatasi. Katika vitendo mtahini atoe alama kwa kile anachokiona tu, na ili aone, tukio liandaliwe lionekane.

Chukua fundi seremala aliyekatwa na msumeno wa umeme upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Kadi anayopewa mtahiniwa iseme tu: "Umeitwa karakana. Mtu amekatwa na msumeno." Isitaje kwamba damu ni nyingi wala mshipa gani umekatika, kwa sababu kutambua hayo ni sehemu ya mtihani. Chini ya mkono wa shati la mwigizaji pitisha mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuko wa maji mekundu, na msaidizi aendelee kuukamua mfuko huo hadi mtahiniwa atakapobonyeza mahali penyewe kwa nguvu ya kutosha. Kwa njia hiyo mtahiniwa hujibiwa na damu yenyewe, naye mtahini hahitaji kusema lolote.

Karatasi ya alama ifuate mwendo huohuo. Je, alihakikisha msumeno umezimwa kabla ya kusogea? Je, alilifunua jeraha akaliona? Je, alibonyeza shashi moja kwa moja juu ya jeraha na kushikilia bila kuinua ili kuchungulia? Je, alimtuma mtu kwa jina au kwa kumwelekezea kidole akaite msaada? Baada ya dakika kadhaa msaidizi aachie damu itoke tena licha ya kubonyezwa, na hapo ndipo mkanda wa kubana kiungo unapohitajika: uwekwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usikae juu ya kiungio, na kwa jeraha hili huenda ikalazimu uwekwe juu ya kiwiko, ukazwe hadi damu ikome, saa iandikwe, na usilegezwe tena. Kukaza kwenyewe kufanyike kwenye mkono wa bandia, kwani mkanda uliokazwa sawasawa huumiza, na mwigizaji hapaswi kuumizwa.

Karatasi nyingi za zamani hutoa alama kwa kuinua mkono juu ya usawa wa moyo. Miongozo ya sasa haikutegemei tena kwa sababu ushahidi wake ni hafifu. Ningeliondoa swali hilo, lakini nisimkate alama anayeinua maadamu hajaachia jeraha.

Dhana: jumla ya alama inatosha kuamua.

Tuseme karatasi hiyo ina hoja 20, kila moja alama 1, na alama ya kufaulu ni 14. Mtahiniwa anavaa glovu, anajitambulisha, anaomba idhini, anaita msaada, anamtuliza fundi, anaandika taarifa, ila hakubonyeza jeraha ipasavyo na mkanda wake umelegea. Amekosa hoja 3. Anapata 17 na cheti, na fundi amevuja damu hadi mwisho.

Kwa hiyo hoja chache ziwekewe alama ya lazima: akikosa mojawapo, amefeli kituo hicho, yaani sehemu ya mtihani wa vitendo yenye tukio moja, hata kama mengine yote ameyapata. Kwa fundi wetu ningeweka kubonyeza bila kuachia na kukaza mkanda hadi damu ikome, basi. Wapo wanaofanya hoja 10 kuwa za lazima, na matokeo yake ni kwamba watahini wenyewe huanza kuzifumbia macho.

Dhana: kituo cha kupaliwa hupima kama mtu anajua kusukuma tumbo.

Kinachopaswa kupimwa kwanza ni kama anajua wakati wa kutosukuma. Tukio lianze na mwigizaji anayekohoa kwa sauti na kuweza kujibu anapoulizwa. Hapo kazi ya mtahiniwa ni kumhimiza aendelee kukohoa na kubaki naye, na anayempiga mgongoni papo hapo apoteze alama. Kisha mwigizaji anyamaze, kikohozi kisiwe na sauti, mikono iende shingoni. Mtahini asitamke "sasa amezidiwa", kwani kutamka hivyo ni kumpa jibu. Kuanzia hapo atarajiwe mapigo 5 mgongoni, na yasipofaulu misukumo 5 ya tumbo, kwa kupokezana. Misukumo hiyo ifanyiwe mwanasesere au fulana maalumu ya mafunzo, kwa sababu huweza kujeruhi viungo vya ndani. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 awe na kituo chake, kwa kuwa yeye husukumwa kifuani, si tumboni.

Dhana: mtahini mzoefu hahitaji maelezo marefu kwenye karatasi.

Wape watahini wawili tukio moja walitazame bila kushauriana. Penye maneno "alibana vizuri" mara nyingi watatofautiana. Penye maneno "damu ilikoma chini ya mkanda" watakubaliana. Hoja yoyote inayowagawa iandikwe upya kabla ya siku ya mtihani, hata kama anayeitetea ndiye mwenye uzoefu mkubwa zaidi chumbani.