Mtoto kawa mweusi tii na bahari inang'aa nyuma: jinsi ninavyomtoa gizani bila kuiharibu picha

Ukikaa kwenye hii kazi ya kuediti picha za familia hapa Dar utakutana na picha hii hii kila baada ya muda, mtoto kasimama kwenye mchanga Coco Beach asubuhi, bahari mgongoni, mama yake kampiga picha, alafu bahari imetoka vizuri kabisa na mtoto katoka kama kakatwa kwenye karatasi nyeusi. Sababu ni jiografia tu, ufukwe wetu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea baharini na ukimsimamisha mtoto aipe bahari mgongo basi jua lote liko nyuma yake. Kamera nayo inapima mwanga wa fremu nzima, inaona maji na anga vinawaka, inapunguza mwanga ili visiungue, na mtoto ambaye yuko upande wa kivuli ndo anaumia.

Nichukue moja niliyoifanya ili tuongee kwa vitu vinavyoonekana. Binti wa kama miaka mitano, gauni la njano, nywele za mabutu zimesimama, jua linapita katikati ya mabutu na kumzungushia mstari wa mwanga mabegani. ISO, yani usikivu wa kamera kwa mwanga, ni 200, na faili ni RAW, data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa JPEG. Uso uko kama stopu 3 chini ya pale unapotakiwa, yani umepata mwanga mara nane pungufu. Hapo ndo ujue mapema unachokitegemea: ukinyanyua uso wa ISO 200 kwa stopu 3, kwenye kamera nyingi za sasa utapata chenga, zile punje punje zinazochafua picha, zinazokaribiana na za ISO 1600. Sio mbaya, inaokoleka. Lakini picha hiyo hiyo ingekuwa imepigwa ISO 1600 tokea mwanzo, ungekuwa unaomba uso wa ISO 12800, na hapo mi namwambia mteja mapema kabla hajalipa.

Kabla sijagusa kitu naangalia kama kwenye giza kuna kitu cha kuokoa. Natumia Lightroom Classic, kwenye Develop ukiweka mshale juu ya shavu chini ya histogramu zinatokea namba za R, G na B kwa asilimia. Shavu la huyu binti lilisoma R 11, G 8, B 9. Hizo namba zinaniambia mambo mawili. Kwanza kuna data, haijafika sifuri, kwa hiyo uso upo. Pili, bluu imeipita kijani, na hiyo sio kawaida ya ngozi yetu, ngozi ya mtu mweusi ikipata mwanga mzuri nyekundu inaongoza, inafuata kijani, bluu inakuwa ya mwisho. Bluu imepanda kwa sababu uso hauguswi na jua, unamulikwa na anga. Ukiunyanyua hivyo hivyo bila kurekebisha rangi unapata mtoto wa kijivu, kama kapauka hajapakwa mafuta, na watu wengi wakifika hapo wanadhani tatizo ni mwanga haujatosha wanaongeza tena, kumbe tatizo ni rangi.

Kama ulichonacho ni JPEG iliyopita WhatsApp hapo mwendo ni mfupi. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi wakati RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na zaidi ya hapo JPEG inapobana faili inatupa vitu vidogo vidogo vya gizani kwa kudhani hakuna atakayeviona. Ukija kunyanyua unaona viboksi na mabaka. Mwambie mteja akutumie faili lenyewe kama dokyumenti, sio kama picha.

Sasa kitu ambacho karibu kila mtu anakifanya, na mimi nakikataa, ni kuvuta Shadows mpaka +100. Hiyo slaida haijui mtoto ni nani, inanyanyua kila kilicho giza: uso, nywele, mikunjo ya gauni, mawe yaliyolowa kule nyuma, vyote. Nywele nyeusi zinakuwa rangi ya majivu na picha nzima inakosa uzito, inabaki kama nguo iliyofuliwa mara mia. Mimi kwa picha nzima naenda taratibu. Hii ilikuwa Exposure +0.60, Highlights −70 ili anga na maji visiruke kwa sababu ya hiyo Exposure, Shadows +35 basi, alafu Blacks −12. Hiyo Blacks watu wanaishangaa, unaokoa giza alafu unarudisha giza? Ndio, maana jua likiwa mbele ya lenzi linamwaga ukungu mwepesi juu ya picha, weusi wa kweli unapotea, na usipokuwa na hata sehemu ndogo nyeusi kabisa jicho halina cha kulinganishia. Shikilia Alt huku unavuta Blacks, skrini inageuka nyeupe na unaona wapi panakuwa nyeusi kabisa. Naacha vidoti vichache ndani ya nywele na chini ya gauni, usoni hata kimoja sitaki.

Mpaka hapo mtoto bado yuko gizani kidogo na ndivyo ninavyotaka, kwa sababu kazi iliyobaki inafanyika kwake yeye tu. Nafungua Masking, pale unapochagua sehemu moja tu ya picha ya kurekebisha, nachagua Radial Gradient, nachora yai linalomfunika kichwa mpaka magotini, Feather, yani ulaini wa ukingo, naiweka juu kama 80. Exposure ya maski +1.10, Shadows +20, Temp +10. Saa hiyo hiyo utaona tatizo, yai limefunika na bahari iliyo pembeni ya kichwa, kwa hiyo mtoto anazungukwa na duara la mwanga kama malaika wa kalenda. Dawa yake ni kuibana maski: Intersect Mask With, alafu Luminance Range, nachagua upande wa giza tu, hii niliishia kama 45, na mpaka wake nikaulainisha usikate ghafla. Maana yake maski inashika vilivyo ndani ya yai na ambavyo pia ni giza. Mtoto ni giza, bahari ni mwanga, bahari inajitoa yenyewe. Bonyeza O uone wekundu wa maski umekaa wapi, na zuma mpaka kwenye mabutu, hapo ndo pa kukagua, pale katikati ya butu na butu ambapo bahari inachungulia. Kama pamewaka kuliko bahari ya mbali basi maski inavuja, shusha ule mpaka wa mwanga kidogo. Na ule mstari wa jua mabegani usiuguse kabisa, ukiuongeza unakuwa mweupe mfu na ukiupunguza umeua kitu pekee kinachoonyesha jua lilikuwa nyuma.

Alafu nachukua Brush, ya usoni peke yake, Exposure +0.35. Hapa inabidi usome mwanga ulivyokaa. Ufukweni mchanga unarudisha mwanga kwenda juu, kwa hiyo chini ya kidevu na chini ya pua panakuwa na mwanga kuliko kwenye paji na kwenye mashimo ya macho. Ukipaka uso mzima sawasawa kidevu kinazidi kung'aa na mtoto anaonekana kamulikwa tochi kwa chini, inatisha kidogo kiukweli. Mimi napaka paji, mashavu kwa juu na kuzunguka macho, kidevu nakiruka. Macho yenyewe naongeza kidogo sana, +0.20 hivi, weupe wa jicho la mtoto aliyesimama kivulini hauwezi kuwa mweupe kuliko povu la bahari nyuma yake.

Nikarudisha mshale shavuni: R 41, G 30, B 25. Mpangilio umerudi. Kama bluu ingekuwa bado juu ningeongeza Temp ya maski, lakini kidogo kidogo, ukizidisha gauni la njano linageuka chungwa na mama anakumbuka gauni alilonunua. Na naomba hili lisikike: lengo sio kumfanya mtoto awe mweupe. Binti huyu ni mweusi wa kahawia iliyokolea na anatakiwa atoke hivyo hivyo, ninachotafuta ni kuona uso una umbo, shavu lina mviringo, jicho lina nukta ya mwanga. Kipimo changu cha kusimama ni rahisi, uso lazima ubaki giza kuliko maji yanayong'aa nyuma. Siku uso unalingana na bahari au unaipita, picha inaonekana mtoto kabandikwa, hata mtu asiyejua kuediti atasema kuna kitu hakijakaa sawa.

Chenga naziacha mwisho na naziangalia kwa 100%, ukiangalia picha nzima kwenye skrini utajidanganya. Chenga za rangi, yale mabaka ya zambarau na kijani kwenye ngozi, naondoa kwa Color ya kwenye Noise Reduction, ambayo kwa RAW inaanzia 25, hapa nilipandisha 35. Luminance niliweka 25 na kuishia hapo, ukizidisha ngozi inakuwa plastiki na nywele zinakuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi. Kwenye Sharpening vuta Masking huku umeshikilia Alt mpaka mashavu yawe meusi na zibaki kope, midomo na mabutu, la sivyo unanoa chenga.

Mwenye simu tu, Snapseed ina Selective, gusa shavu, bana kwa vidole viwili kupunguza duara, panda Brightness kama +30, weka nukta nyingine juu ya bahari pembeni ya kichwa na usiiongezee kitu, hiyo inazuia mwanga usimwagike. Haifiki kwenye RAW lakini kwa picha ya kupost inatosha.

Kuna zinazokataa. Shavu likisoma 2 au 1 na ukinyanyua unaona mistari mistari au zambarau imeganda, hamna uso hapo, iache iwe kivuli kamili, shusha Shadows badala ya kupandisha, mtoto mweusi mbele ya bahari ya asubuhi anaweza kupendeza hivyo hivyo. Na anga ikishaungua kote kote, R, G na B zote 100, Highlights itakupa kijivu tu, sio mawingu.

Kama picha inaenda kuprintiwa, tengeneza kopi na uongeze maski ya uso +0.20 nyingine, alafu punguza mwanga wa skrini kabla ya kuamua, maana karatasi haina taa nyuma yake na giza la usoni ndo linarudi la kwanza. Printi kipande kidogo cha uso peke yake kwanza, kile cha saizi ya pasipoti kinatosha kukuonyesha.