Soma sehemu ya malipo kwanza: barua pepe ya bei kwa mteja mpya

Wafanyakazi huru wanaoleta barua zao kwenye kitengo chetu cha ushauri hapa Lubumbashi hutuomba tuwasahihishie lugha. Lugha mara nyingi haina tatizo. Pesa hupotea chini, kwenye ile mistari minne ya malipo iliyoandikwa haraka mwishoni, au iliyonakiliwa kutoka barua ya mteja mwingine.

Tuchukue mfano. Mtafsiri wa komini ya Kampemba ameombwa bei na kampuni ya usafirishaji ya Dar es Salaam, ambayo malori yake hupakia shaba huku Katanga na kupita Kasumbalesa. Wanataka mwongozo wa usalama wa maneno elfu kumi na mbili utolewe kwenye Kifaransa uwe Kiswahili cha madereva. Hawajawahi kufanya kazi pamoja. Rasimu yake inasema hivi:

> Bei ni 0,09 $ kwa neno, jumla 1.080 $. Avansi 40%, yaani 480 $. Salio 648 $ litalipwa siku 15 baada ya kazi kuisha. Bei inadumu hadi 05/07.

Hakuna kosa hata moja la tahajia hapo, na chombo cha kusahihisha maneno kitaipitisha bila kuweka alama. Sasa chukua kalkuleta. 480 na 648 ni 1128, si 1080. Kilichotokea ni kwamba alianza na bei ya dola 1200, ambayo asilimia 40 yake ni 480, kisha akapunguza bei na kusahau avansi. Salio alilibadilisha, avansi akaiacha. Mteja mwema atapiga simu kuuliza. Mteja mwingine atalipa 480, halafu 600, na mwandishi hatakuwa na la kusema, kwa sababu jumla iliyoandikwa ni 1080. Kwa hiyo kila ukigusa bei, piga upya hesabu ya tarakimu zote zinazotoka kwenye bei hiyo, kisha jumlisha sehemu uone kama zinarudi kwenye jumla ile ile. Fanya hivyo pia kwenye proforma uliyoambatanisha, maana mara nyingi barua husahihishwa na PDF ikabaki na bei ya jana.

Kuna nukta na mkato pia. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 1.080 tukimaanisha elfu moja na themanini, na 0,09 tukimaanisha senti tisa. Dar es Salaam wanaandika kinyume: mkato hutenga maelfu, nukta hutenga senti. Mkurugenzi ataelewa kwa akili ya kawaida, lakini anayejaza fomu ya benki ni karani wa uhasibu, naye hunakili anachokiona. Njia salama ni kuacha nafasi tupu (1 080), ukitumia ile nafasi isiyokatika ili tarakimu isigawanyike mwisho wa mstari, kuandika USD badala ya alama, na kurudia jumla kwa maneno. Desimali yenyewe unaweza kuikwepa kabisa: dola 90 kwa kila maneno 1 000. Hapo hata mtu asiye na kalkuleta anaona kwamba mara 12 ni 1080.

Swali ambalo rasimu haikuligusa ni nani anabeba gharama za kutuma. Pesa ikitoka benki ya nchi moja kwenda nyingine kwa dola, mara nyingi hupitia benki nyingine iliyo katikati, nayo hukata chake njiani. Fomu ya kutuma huwa na chaguo tatu: OUR, mtumaji analipa gharama zote, SHA, mnagawana, BEN, mpokeaji analipa. Usiposema lolote, usishangae kuona pesa imefika pungufu huku mteja akikuonyesha hati kwamba alituma kiasi kamili, na wote wawili mnasema kweli. Andika basi kiasi kinachopaswa kufika, si kinachotumwa, na utaje OUR. Hata hivyo OUR haizuii benki yako mwenyewe kukutoza ada ya kupokea. Kawaulize kwanza, uiweke ndani ya bei. Ukiwa na mteja wa hapa mjini anayelipa kwa simu, swali ni lile lile kwa ada ya kutoa.

Kinacholeta ugomvi mrefu zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno “baada ya kazi kuisha”. Imeisha lini? Mtafsiri atasema siku alipotuma faili. Mteja atasema siku meneja wake atakapomaliza kuisoma, na meneja huyo yuko safarini. Zile siku 15 hazina mahali pa kuanzia, kwa hiyo hazina mwisho. Zifunge kwenye tukio lenye tarehe ambayo wote wawili wanaiona, kama vile tarehe ya ankara, na utoe muda wa maoni ambao ukipita kimya, kazi inahesabika imepokelewa. Hesabu kwa siku za kalenda. Ukiandika “siku za kazi”, mtabishana ni za nchi gani: tarehe 30 Juni huku kwetu ni sikukuu ya uhuru, na tarehe 7 Julai Tanzania wako kwenye Saba Saba. Ile 05/07 nayo iandikwe kwa jina la mwezi, kwani wapo wanaoanza na mwezi, na kwao hiyo ni Mei.

Kuhusu kodi, sema waziwazi. Kama hujaandikishwa kwenye TVA, huruhusiwi kuongeza ile asilimia 16. Andika kwamba bei haina TVA, ili mteja asiitafute kwenye ankara.

Baada ya marekebisho, sehemu hiyo inakuwa hivi:

> Bei ni USD 90 kwa kila maneno 1 000. Kwa maneno 12 000, jumla ni USD 1 080 (dola za Marekani elfu moja na themanini), bila TVA.
> Avansi ya asilimia 40, yaani USD 432, inalipwa kabla ya kazi kuanza. Salio la USD 648 linalipwa ndani ya siku 15 za kalenda tangu tarehe ya ankara ya mwisho.
> Mkishapokea tafsiri mna siku 7 za kutoa maoni, na marekebisho ya awamu moja yamo ndani ya bei. Siku hizo zikipita bila maoni, kazi itahesabika imepokelewa nami nitatuma ankara.
> Gharama za kutuma pesa ni za mteja (OUR). Viwango vilivyotajwa ni vile vinavyofika kwenye akaunti yangu.
> Bei hii inadumu hadi tarehe 5 Julai 2025.

Usomaji wa mwisho ufanye kutoka chini kwenda juu, tarakimu kwanza, huku proforma iko wazi pembeni. Kisha soma salamu na jina la kampuni, hasa kama ulinakili barua ya zamani. Anwani ya mteja iweke mwisho kabisa, ili kidole kikiteleza barua isiondoke kabla haijawa tayari.

Na kama umeona kosa baada ya kutuma, usiandike “samahani, ni 432” kwenye mstari mmoja. Tuma proforma nzima upya, yenye namba ile ile na maneno “toleo la 2, linafuta la kwanza”, kisha omba mteja ajibu kwamba ameipokea.