Sangara mkubwa aliyeoza: dhana potofu kuhusu jedwali la kuchuja waombaji wa kazi

"Jumlisha tu alama, mwenye nyingi ndiye wetu."

Sentensi hii nimeisikia kwa mameneja, wahasibu na hata wenyeviti wa majopo, na mara ya mwisho nimeisikia mwezi uliopita katika kiwanda cha minofu hapa Ilemela. Walitafuta msimamizi wa ubora na yalikuja maombi 58. Tangazo lilitaja sifa tatu za lazima: stashahada ya sayansi ya chakula au uvuvi, miaka miwili ya kazi katika usindikaji, na mafunzo ya HACCP, yaani mfumo wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula. Sifa za ziada zilikuwa kuongoza watu, kompyuta na kuandika ripoti. Kila sifa ilipimwa kwa alama 0 hadi 3.

Waliponiita, karani alikuwa ameshajaza kila kitu na bosi alikuwa na jibu lake mkononi. "Dada, huyu namba 41 ana 13. Namba 17 ana 8. Tunabishana nini tena?"

Nikaomba nione zile 13 zimetoka wapi. Namba 41 alikuwa na 3 kwenye elimu, 3 kwenye uzoefu, na kwenye ziada 3, 2 na 2. Kwenye HACCP hakukuwa na kitu. Namba 17 alikuwa na 2, 2, 2 kwenye lazima, halafu 1, 1 na 0 kwenye ziada. Maana yake namba 17 ametimiza kila kitu ambacho tangazo lilisema ni lazima, ila hana madoido. Namba 41 ana madoido mengi na amekosa kitu kimoja ambacho kiwanda chenyewe kilikitangaza kuwa hakikosekani.

Nikamuuliza bosi: mvuvi akikuletea sangara wa kilo nane aliyeoza na mwingine wa kilo mbili mzima, unampokea wa kilo nane kwa sababu mizani imesoma zaidi? Akacheka. Lakini jumla ya alama inafanya hivyohivyo, inaacha uzito ufidie uozo. Sifa ya lazima ni mlango. Asiyepita mlangoni hapimwi, hata akiwa na kompyuta za dunia nzima. Alama za ziada kazi yake ni kuwapanga waliokwisha kuingia ndani.

Karani alijitetea kwamba kanuni ya mlango aliiweka kwenye jedwali la kompyuta, na kweli ilikuwepo. Safu C, D na E ni za lazima, F, G na H ni za ziada:

```
=IF(MIN(C2:E2)<2,"Nje",SUM(C2:H2))
```

Wazo ni zuri: alama ya chini kabisa kwenye sifa za lazima ikiwa pungufu ya 2, mwombaji yuko nje. Sasa namba 41 alipitaje?

Alipita kwa sababu kisanduku chake cha HACCP kilikuwa kitupu, si sifuri. "Sikuona chochote kwenye wasifu wake, nikaacha," karani akasema. `MIN` hairuki sifuri lakini inaruka kisanduku kitupu kana kwamba hakipo, kwa hiyo kwa namba 41 ilisoma 3 na 3, ikatoa 3, mlango ukafunguka. `AVERAGE` nayo ina tabia hiyohiyo: 3, 0 na 3 wastani wake ni 2, lakini 3, patupu na 3 wastani wake ni 3. Aliyenyamaza anapata zaidi ya aliyesema ukweli. Dawa ni kuikataza karatasi isitoe jibu mpaka visanduku vyote sita viwe na namba:

```
=IF(COUNT(C2:H2)<6,"Haijajazwa",IF(MIN(C2:E2)<2,"Nje",SUM(C2:H2)))
```

Tulipobadilisha, kati ya 19 waliokuwa "wamepita", 10 waligeuka kuwa "Haijajazwa". Tukarudi kwenye wasifu wa kila mmoja wa hao 10, ukurasa kwa ukurasa. HACCP haikutajwa popote. Wote wakapewa 0, wakabaki 9.

"Alama ni alama, kila mtu anajua 2 ni nini."

Hajui. Kabla hujafungua bahasha ya kwanza, andika kila namba inadai ushahidi gani. Kwa HACCP tuliandika hivi: 0, wasifu uko kimya; 1, amesema anaifahamu tu; 2, ametaja mafunzo yenyewe na mwaka; 3, ana mafunzo na ameeleza alichokifanya nayo kazini, mfano kusimamia rekodi za joto la chumba baridi. Bila hivyo, mwanajopo mkarimu na mwanajopo bahili wanasoma sentensi ileile na kutoa 3 na 1.

Hapa nina ugonjwa wangu na siutafutii tiba: pembeni ya kila alama ya sifa ya lazima nataka safu ya ushahidi, hata maneno matatu. "Uk. 2, kazi ya pili." Mwanajopo anayeshindwa kuandika maneno matatu hakusoma, amekisia.

"Tukae pamoja tujaze kwa mkupuo, tuokoe muda."

Mkikaa pamoja, alama zote zinakuwa za mwenye sauti kubwa. Kila mtu ajaze nakala yake peke yake, halafu mkutane mjadili tu pale mlipotofautiana kwa alama mbili au zaidi. Na msikimbilie wastani: 1 na 3 zikizaa 2, mmeficha kwamba mmoja wenu kasoma vibaya.

"Miaka ya uzoefu unaijumlisha kama ilivyoandikwa."

Angalia miezi. Aliyefanya kazi mbili kwa mwaka huohuo mmoja ana mwaka mmoja, si miwili.

"Kuweka jina, umri na anakotoka kwenye jedwali hakuna ubaya."

Jedwali libebe namba ya mwombaji tu. Majina yakae kwenye karatasi nyingine kwa karani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito, umri na mengine, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi naye analindwa. Safu inayosomeka "Ukerewe, 47, ndoa" haikusaidii kumpima mtu, ila itamsaidia sana wakili wake.

"Usaili lazima uwe na watu kumi."

Hapa ndipo bosi aliporudi tena. "Wamebaki tisa. Wa kumi si awe 41?"

Nikamwambia inawezekana, kwa njia moja. Kama HACCP kweli inaweza kufundishwa baada ya kuajiri, basi haikuwa ya lazima. Iondoeni mlangoni, muipeleke kwenye ziada, andikeni tarehe na sababu, na kanuni ipite upya kwa wote 58. Lakini hapo 41 hatarudi peke yake, atarudi na wenzake tisa waliokwama kwenye kisanduku kilekile, pamoja na yeyote mwingine aliyekwama kwa HACCP tu. Na kwa kuwa tangazo lilisema ni lazima, wapo waliolisoma wakaacha kuomba, kwa hiyo haki ni kutangaza tena.

Akamtazama meneja uzalishaji. Meneja akasema msimamizi mpya anakabidhiwa rekodi za joto wiki ya kwanza, hakuna wa kukaa kumfundisha. Wakaitwa tisa.