Kwa nini jina la mtu mmoja hubadilika kati ya manukuu ya filamu na orodha ya majina mwishoni mwake?

"Kwenye manukuu anaitwa Athumani, mwisho wa filamu ni Othman, na kwa Kiarabu ni عثمان. Yupi ndiye sahihi, na kwa nini wasiandike jina moja?"

Kiarabu kwa kawaida hakiandiki irabu fupi. Katika عثمان zinaonekana konsonanti na "a" moja ndefu, basi. Mswahili hutia irabu zake akapata Athumani, mwingine huandika Othman au Uthman, na Mturuki Osman. Yote ni sahihi, lakini kutoka عثمان huwezi kujua mwenye jina anajiandikaje. Ndiyo maana kosa kubwa ni kurudisha jina kutoka Kiarabu kwenda herufi za Kilatini. Mara nyingi hutokea pale mfasiri wa Kiingereza anapopewa manukuu ya Kiarabu badala ya hati ya awali ya Kiswahili.

Anzia kwa mwenyewe. Msanii aandikwe anavyojiandika katika mkataba wake, na mhusika anavyoandikwa katika hati ya filamu. Tahajia hiyo ibaki ileile katika manukuu ya Kiingereza. Athumani hahitaji kugeuzwa Othman ili Mwingereza amsome.

Kwenda Kiarabu, uliza kwanza: jina lina asili ya Kiarabu? Tuseme mhusika ni Juma Athumani Vuai. Juma ni جمعة, wala si جوما, kwani msomaji wa Muscat hatatambua kwamba hilo la pili ni jina analolijua tangu utotoni. Athumani ni عثمان. Vuai, jina la Zanzibar, huandikwa kwa sauti: ڤواي. Herufi ڤ inashika "v". Ukiweka ف, atasomwa kwa "f". Hakikisha tu fonti ya filamu inayo, maana isipokuwapo hutokea kisanduku kitupu. Majina yenye "ch", kama Chande, kwa wasomaji wa leo huandikwa kwa تش: تشاندي.

Yaandike yote katika jedwali moja kabla ya kutafsiri mstari wa kwanza: tahajia ya mwenyewe, ya Kiarabu, na dakika jina linapotokea mara ya kwanza. Mfasiri anakili kutoka humo, asichape upya. Kibodi ya Kiajemi au Kiurdu hutoa ی (U+06CC) mahali pa ي ya Kiarabu (U+064A). Katikati ya سعيد hutaona tofauti kwa macho, ila kompyuta ikitafuta Saidi huyo haitampata, na marekebisho yatamruka.

Jambo moja huwapita hata wazoefu. Katika علي بن سعيد, "bin" haina alifu kwa sababu iko kati ya majina mawili. Mstari wa manukuu ukikatika baada ya علي, unaofuata huanza kwa ابن سعيد, pamoja na alifu. Afadhali kuukata mstari mahali pengine, jina likae pamoja.