Barua ya mahitaji ya kazi ya kubana video kila usiku ni nini?

Barua ya mahitaji ni maandishi ambayo mwenye biashara humpa mtengenezaji programu wa kujitegemea kabla kazi haijaanza, ili wote wawili wajue ni matokeo gani yatakayohesabiwa kuwa kazi imekamilika. Barua haimfundishi fundi namna ya kuandika programu, bali inaeleza hali ambayo mwenye biashara anataka kuikuta asubuhi.

Tuchukue studio ya video za harusi na kipaimara iliyopo Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ya sherehe huchukua takriban gigabaiti 22.5, na diski hujaa upesi, ndiyo maana video hubanwa, yaani faili lake hupunguzwa ukubwa. Mwenye studio akiandika tu, "Nataka video zibanwe kila usiku na za asili zifutwe," fundi anaweza kuitimiza sentensi hiyo na bado harusi ya mteja ikapotea. Programu inaanza saa 4 usiku, umeme unakatika saa 8, na faili jipya linabaki nusu. Usiku unaofuata programu inakuta jina la faili lililobanwa tayari lipo, inachukulia kwamba kazi ilikwisha, kisha inafuta la asili.

Kwa hiyo sharti la kufuta ndilo moyo wa barua, nalo liandikwe kwa ukamilifu: "Video mpya iandikwe kwa jina la muda, ipewe jina la kudumu baada ya kukamilika, na ya asili isifutwe mpaka mpya iwe na urefu uleule, isomeke hadi mwisho bila kosa, na siku 7 ziwe zimepita." Urefu peke yake hautoshi, kwa kuwa faili lililokatika wakati wa kunakiliwa linaweza kuendelea kutaja urefu kamili. Fundi anayetumia ffmpeg, programu ya kusoma na kubana video, anaweza kulisoma faili lote hivi, na kila kosa litaandikwa kwenye skrini:

```
ffmpeg -v error -i mpya.mp4 -f null -
```

Kuhusu ubora, barua isidai kwa pamoja kiwango maalumu cha ubora na ukubwa maalumu wa faili. Katika libx264, sehemu ambayo ffmpeg huweza kuitumia kubana video, namba ya kupangia ubora iitwayo CRF, ambayo kwa kawaida ni 23 na ikipungua ubora hupanda, hulinda ubora na kuuacha ukubwa ubadilike. Ukumbi wenye taa zinazozunguka na watu wanaocheza hutoa faili kubwa kuliko hotuba ya mzee aliyeketi. Ni vyema kuambatanisha dakika moja ya ukumbi wa aina hiyo iwe kipimo, kwa sababu hapo ndipo kasoro za ubanaji huonekana kwanza.

Barua itaje pia kwamba faili ambalo bado linanakiliwa kutoka kwenye kamera lisiguswe, na kwamba asubuhi ipatikane orodha ya yaliyoshindikana.

Jaribio la kupokea kazi nalo liandikwe humohumo: umeme uzimwe makusudi katikati ya ubanaji wa nakala ya majaribio, na malipo ya mwisho yatolewe endapo, baada ya usiku unaofuata, video ya asili bado ipo na iliyobanwa inacheza hadi mwisho.