Saa ya mzee barazani: kiraka kimoja, treki mbili

Simu iliingia saa tano usiku. Kazi yangu ni kufuta kwenye picha vitu visivyotakiwa, na mhariri hata salamu hakuimaliza. "Kaka, mzee amevaa saa." Nikamwuliza saa gani. "Saa ya mkononi. Kasio!"

Tamthilia yenyewe ni ya Kilwa Kivinje, mwaka 1905, wiki chache kabla ya Vita vya Majimaji kuanza Umatumbini. Mzee wa mji amekaa barazani, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anammiminia mgeni. Kanzu iko sawa, kofia iko sawa, dele limesuguliwa mpaka linawaka. Anapoinua dele, mkono wa kanzu unateleza nyuma na inajitokeza Casio F-91W, saa iliyoingia sokoni mwaka 1989. Ingekuwa saa ya mishale isingetuokoa pia. Wanaume walizizoea saa za mkononi kuanzia Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo mwenye saa aliiweka mfukoni, na mnyororo wake.

Asubuhi mzee hakuwa na saa. Aliivua wakati wa kuvaa mavazi ya igizo. Mchana akaenda kutawadha na kuswali, akaivaa kwa mazoea, akarudi barazani. Mkono wa kanzu ukaificha mpaka kamera ilipowashwa. Simlaumu mtu wa mwendelezo, anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya shoti na shoti. Kwenye kioo kidogo cha kamera hata mimi nisingeiona.

Shoti ina fremu 112 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, yaani sekunde nne na nusu hivi. Kamera imeshikwa mkononi, inapumua kidogo. Picha ni ya 4K na saa ina upana wa pikseli kama 150. Kazi ya aina hii huwa tunaifanya kwa kiraka: unatengeneza kipande cha ngozi safi kwenye fremu moja, halafu unakifanya kisafiri na mkono katika fremu zote. Kusafiri huko ndiko kunakohitaji ufuatiliaji, ambao sisi mezani tunauita treki. Na treki ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo.

Programu ya kufuatilia inapenda kitu kigumu, bapa, chenye kingo kali. Ukitazama shoti hii, kitu cha namna hiyo ni kimoja tu: saa yenyewe. Ngozi ni laini, haina alama, inajikunja. Kwa hiyo nilifanya wanavyofanya wengi. Nikafungua PlanarTracker, kifuatiliaji cha vitu bapa ndani ya programu ya Nuke, nikachora umbo kuzunguka kasha la saa, nikakitoa kioo nje ya hesabu kwa sababu mwanga unaokipitia unaivuta treki pembeni, nikabonyeza. Treki ikatoka safi kama reli. Nikabandika kiraka juu yake, saa ikatoweka.

Nilipocheza shoti kwa kasi yake ya kawaida, mkono wa mzee ulikuwa na kitu kinachotambaa. Ukisimamisha fremu yoyote hukioni. Ukicheza, unakiona. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mkanda wa saa ulikuwa umelegea. Mzee anapoanza, mkono uko chini na saa imelala karibu na kiganja. Anapoinua dele, saa inateleza kama sentimita moja kuelekea kwenye kiwiko. Sentimita moja kwenye picha hii ni pikseli 40 na ushee. Treki yangu ilifuata saa kwa uaminifu, na kiraka kikafuata treki, kwa hiyo vinyweleo vya kiraka vikawa vinateleza juu ya mkono ambao vinyweleo vyake vimesimama.

Suluhisho ni kutenganisha maswali mawili. Swali la kwanza: nifute wapi? Hilo linajibiwa na treki ya saa, maana maski, yaani umbo la eneo linalofutwa, lazima iifuate saa popote inapokwenda. Swali la pili: nibandike nini, na kitulie kwenye nini? Hilo linajibiwa na treki ya ngozi. Kiraka kinakuwa kikubwa kuliko saa, kinafunika eneo lote ambalo saa ilipita, nacho kimegandishwa kwenye ngozi. Maski ndiyo inayotembea juu yake, kama dirisha. Ukielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Treki ya ngozi haiji kirahisi. Kishawishi ni kutumia mishipa ya mgongo wa kiganja kwa sababu inaonekana vizuri. Iache. Kiganja kinapinda kwenye kiungo, wakati ngozi iliyo chini ya saa inakwenda zaidi na mfupa wa mkono. Alama zinazofaa ziko upande wa kiwiko, kati ya saa na mwisho wa mkono wa kanzu. Kwenye shoti yangu ukanda huo ulikuwa na pikseli 90 tu, lakini mzee ana kovu dogo na baka moja hapo, Mungu ambariki. Niliongeza tofauti ya mwanga kwenye nakala ya kufuatilia tu, nikafuatilia alama mbili kwa nodi ya Tracker, nikazisahihisha kwa mkono kila fremu ya tano hivi.

Mkono si bapa, ni kama bomba. Mzee anapomimina, mkono unajizungusha na upande uliokuwa umejificha unaibuka. Kiraka kimoja kikivutwa kwenye pembe zake kinavumilia mzunguko mdogo. Ukizidi, kinaanza kuonekana kama stika kwenye chupa. Nilitengeneza viraka viwili, kimoja cha mkono ukiwa chini na kimoja cha mkono ukiwa umeinuka, nikavibadilishana taratibu kwa fremu saba. Fremu hizo nilizichagua pale mkono unapokwenda kasi. Vinyweleo vya viraka viwili vikichanganyika hupoteza ukali kwa muda, na ukungu wa mwendo unakuficha.

Ngozi safi niliipata kwenye shoti za asubuhi. Mzee yuleyule, mkono uleule, hana saa. Tatizo ni jua. Asubuhi mwanga ulitoka kushoto, ukiwa baridi. Alasiri ulitoka mlangoni, ukiwa wa manjano. Ukibandika mkono wa asubuhi moja kwa moja, hakuna rekebisho la rangi litakalokuokoa, kwa sababu vivuli viko upande usio wake. Kwa hiyo sikuchukua mwanga wa asubuhi. Nilichukua mikunjo na vinyweleo tu:

```
undani = asubuhi / Blur(asubuhi)
kiraka = rangi_ya_alasiri * undani
```

Ukiigawanya picha kwa nakala yake iliyotiwa ukungu, mwanga mpana unajifuta na kubaki namba zinazocheza karibu na 1: chini kidogo penye mkunjo, juu kidogo penye mng'ao. `rangi_ya_alasiri` ni ngozi laini niliyoipaka kwa brashi kwenye shoti yenyewe, nikiivuta kutoka pande zote mbili za saa. Ukizidisha, unapata mikunjo ya asubuhi ndani ya mwanga wa alasiri. Angalia tu ukubwa wa ukungu. Ukiwa mdogo mno unabaki na vinyweleo bila mikunjo, ukiwa mkubwa mno kivuli cha asubuhi kinarudi kupitia dirishani. Kwangu pikseli 25 zilitosha.

Kiraka kilichogandishwa kinabeba mwanga wa fremu kilikotoka. Mkono ukiingia kwenye mwanga wa mlango, ngozi ya jirani inawaka na kiraka kinabaki na giza. Nilipima wastani wa mwanga wa ngozi sehemu mbili, upande wa juu wa saa na upande wa chini, kwa kila fremu, nikaugawanya kwa wastani wa fremu kiraka kilikotoka, nikazidisha kiraka kwa jibu hilo. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu mwanga unaanza upande mmoja kabla ya kufika mwingine.

Chembechembe za kamera nazo ni lazima. Nilizisafisha kabla ya kuanza, nikazirudisha mwishoni ndani ya kiraka pekee. Anayesahau hatua hii anaacha kisiwa cha ngozi tulivu katikati ya picha inayochemka. Tazama mkondo wa bluu peke yake, mara nyingi ndiko chembechembe zinakozidi. Ukungu wa mwendo ni rahisi zaidi: kamera ilikuwa na shata ya nyuzi 180, yaani inafunguka nusu ya muda wa kila fremu, kwa hiyo `shutter` ni 0.5. Ila kiraka kitokane na fremu kali. Kikitoka kwenye fremu yenye ukungu, utautia mara mbili.

Maski isiishie kwenye ukingo wa saa. Saa ina kivuli chake kwenye ngozi, na kwenye shoti hii kivuli kilivuka ukingo kwa pikseli nane. Ukikiacha, unabaki na alama ya saa isiyokuwepo, na jicho linajua. Mkono wa kanzu unaopita juu nao niliuchora kwa roto, yaani kuuzungushia umbo fremu kwa fremu, na kuurudisha kutoka kwenye picha ya asili. Kitambaa kilikuwa kimetuna kidogo kilipopumzika juu ya saa. Nilikiacha hivyo. Kanzu hutuna kwa sababu elfu.

Kabla ya kutuma, huwa natoa picha ya asili kwenye picha yangu na kuongeza mwanga mara hamsini. Nje ya maski inatakiwa kuwe kweusi kabisa. Halafu nainua gama mpaka vivuli vifunguke, naishusha mpaka mng'ao tu ubaki, na kila mara nacheza kwa kasi halisi. Ukingo wa kiraka uliojificha kwenye mwanga wa kawaida hujitokeza hapo, na ni bora ujitokeze kwangu kuliko kwa mtu wa kurekebisha rangi za picha, ambaye kazi yake ni kuvuta picha huku na huku.

Kwa shoti hii mtu huyo wa kurekebisha rangi alinipigia hata hivyo. Aliniambia mkono ni safi, hauna neno. Akaniomba nitazame dele, kuanzia fremu ya 1071, maana hesabu ya fremu zetu huanzia 1001.

Nikatazama. Kwenye tumbo la dele, kati ya mwanga wa mlango na weupe wa kanzu, kuna alama ndogo nyeusi ya mraba inayopita kwa fremu tisa, imepindishwa na mviringo wa shaba. Nilirudi mezani kuchora kiraka cha tatu. Hicho nilikifuatilisha kwa dele, halafu nikagundua kwamba taswira kwenye kitu king'aacho haitulii kwenye kitu chenyewe. Dele linageuka huku na taswira inakwenda kule. Mwisho niliweka kila fremu kwa mkono. Ni tisa tu.